Senje Alichanga Kuliko Nyote, na Jina Lake Mliandika "500"

Sawa wasee, hii ya leo najua itanitoa kwa grupu la familia, lakini wacha niiseme tu.

Mwaka jana tulizika shosho kule kwetu Kakamega. Alikuwa na miaka 81, alifia hospitalini Jumanne usiku, na tukamzika Jumamosi ya wiki iliyofuata. Alipendwa. Watu walikuja. Ukiangalia picha zangu utasema ni matanga yaliyopangwa vizuri: tenti tano nyeupe, isukuti inapigwa, programu zenye picha yake akiwa bado msichana. Lakini Jumanne baada ya mazishi, siku ya kunyoa, senje wangu alisimama mbele ya wazee akasema halipi hata shilingi moja, na karibu familia ivunjike hapo hapo kwa uwanja.

Kwa wale hawajui, senje ni dada ya baba. Huyu wangu alirudi nyumbani kitambo baada ya bwana yake kufa, akajengewa kanyumba kadogo hapo kwa boma, na yeye ndiye alikuwa anamtunza shosho. Anauza omena na vitunguu sokoni. Mtu wa maneno machache sana. Ndiyo maana aliposimama kila mtu alinyamaza.

Maoni yangu ni haya: matanga yetu hayaharibiki kwa sababu ya uhaba wa pesa. Yanaharibika kwa sababu tunaandika pesa peke yake. Kila kitu kingine, kupika, kuteka maji, kulisha waombolezaji usiku kumi na mbili mfululizo, tunakichukulia kama hewa. Na hewa haina bajeti.

Wacha niwapeleke polepole.

Kamati ya Nairobi inaona vitu vyenye risiti

Jumatano asubuhi, kabla hata sijaamka vizuri, nilikuwa nimeshaingizwa kwa grupu la WhatsApp lenye watu 84. Jioni hiyo kamati ilikaa Kangemi kwa nyumba ya baba mdogo. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Mambo yalienda haraka na kusema kweli hawa watu wanajua kazi. Mmoja alitumwa mochari, mwingine kwa jeneza, mwingine atafute basi. Baba mkubwa aliye kule nyumbani akaambiwa afuatilie kibali cha mazishi, kwa sababu hospitali ikishajaza taarifa ya kifo bado kuna mtu lazima aende kukichukua, na wanataka kitambulisho cha marehemu. Kitambulisho chenyewe kilitafutwa siku mbili. Kilikuwa kwa mkebe wa majani chai. Nani alikipata? Senje. Weka hiyo kando.

Mimi nikapewa kazi ya "utapiga picha na video." Hii ndiyo kazi unapewa ukiwa umeacha chuo mwaka wa pili na hakuna anayejua unafanya nini na maisha yako. Sikulalamika. Na kama mtakavyoona, hizo video ndizo zilikuja kuokoa mtu.

Bajeti ikatoka shilingi 340,000. Ndani yake kulikuwa na mochari, jeneza, gari la maiti, basi la watu 33 kutoka Nairobi, tenti na viti, mitambo ya sauti na jenereta, saruji na matofali ya kaburi, programu, na chakula. Chakula kilipewa 96,000, na kiliandikwa hivi: "Chakula, watu 300, Jumamosi."

Soma hiyo laini tena. Jumamosi.

Hakuna mtu alikuwa mbaya hapo. Ni vile kamati ya Nairobi inakaa kilomita mia kadhaa kutoka kwa jiko, kwa hivyo inaona kitu ambacho kina risiti. Basi lina risiti. Jeneza lina risiti. Ng'ombe ananunuliwa, kuna bei. Lakini ile sufuria ya chai inayowekwa motoni Jumatano jioni kwa sababu majirani thelathini wamekuja kukaa na wafiwa, hiyo haina risiti. Kwa hivyo kwenye karatasi haipo.

Hesabu ya sahani

Baada ya kila kitu kuisha nilikaa na daftari na video zangu, nikahesabu. Si kwa kukisia; nilikuwa nimefika nyumbani tangu Alhamisi ya kwanza na nilikuwa narekodi kila siku. Nilihesabu sahani. Yaani, ni mara ngapi mtu alikaa hapo kwa boma akapewa chakula.

Kuanzia Jumatano baada ya kifo hadi Alhamisi kabla ya mazishi ni siku tisa. Kila jioni walikuja watu kama thelathini. Majirani, watu wa kanisa, wazee wa ukoo, wale wanaolala kando ya moto. Huwezi kuwaambia waende nyumbani njaa, hiyo kwetu ni aibu. Thelathini mara tisa ni sahani 270.

Ijumaa watu wa tenti, wachimba kaburi na waliotoka mochari na mwili walikula mchana, kama 60. Usiku wa mkesha walikula 150. Hizo ni 210.

Jumamosi yenyewe ni 300, kama kamati ilivyosema. Hapo walikuwa sawa kabisa.

Halafu kuna kile kitu watu wa Nairobi hawakionagi kwa sababu basi lao linaondoka Jumamosi jioni. Jumapili wale waliobaki kuosha vyombo na kurudisha viti, 50. Jumatatu 40. Jumanne ya kunyoa, wazee na watoto wote wa shosho, 60. Jumla 150.

Sasa jumlisha: 270, na 210, na 300, na 150. Ni sahani 930.

Bajeti ilikuwa na 300.

Sahani 630 zilitoka wapi? Hazikutoka mbinguni. Ukihesabu kwamba kilo moja ya unga inatosha watu wazima wanne hivi kwa ugali, sahani 630 zinakula karibu kilo 160. Senje alikuwa na gunia mbili za mahindi ndani ya nyumba yake, kilo 90 kila moja, chakula chake cha kufikia mavuno. Gunia la kwanza lilipelekwa kwa posho mill Jumatano ile ile ya kwanza. La pili Alhamisi ya wiki iliyofuata. Nina video ya kijana akilibeba kwa bodaboda. Sukuma ilitoka kwa shamba la jirani wa chini. Kuni zilitoka kwa mti wa shosho mwenyewe, na jirani mwingine akaleta mikokoteni mitatu.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa kwa grupu.

Ijumaa usiku, na uongo wa nyama

Kuna sehemu hii inaniuma zaidi.

Basi liliondoka Nairobi Ijumaa asubuhi likafika nyumbani saa moja jioni. Watu 33 wamechoka, wengine na watoto, wamekula mahindi ya kuchoma tu njiani. Kwenye programu ya kamati, Ijumaa jioni iliandikwa "Kuwasili na mkesha." Nani atawapikia? Haikuandikwa. Kila mtu alidhani "akina mama watapanga." Hayo maneno mawili, "akina mama," na yale mengine, "vijana watasaidia," ndiyo yanaua matanga. Kazi ikipewa kundi, haijapewa mtu. Maji ya Jumamosi yaliandikwa "vijana." Saa kumi na mbili asubuhi mapipa yalikuwa matupu, na waliotumwa kisimani ni wasichana wa shule wawili na mke wa binamu yangu mwenye mtoto mgongoni. Kupika, kunawa na kuosha vyombo vya watu 300 kunaweza kumaliza lita 1,500 bila shida. Hiyo ni mitungi 75 ya lita 20. Kwa mlima. Jaribu uone.

Turudi Ijumaa. Senje aliona watu wa basi wanashuka, akaangalia unga uliobaki, akaona hautawatosha pamoja na watu wa mkesha. Kwa stoo kulikuwa na kilo 50 za mchele na nyama ya Jumamosi. Akachota kilo 10 za mchele na nyama kiasi. Alifanya nini kibaya? Wewe ungewaacha walale njaa?

Kilo moja ya mchele inatoa sahani kama sita. Kilo 10 ni sahani 60. Kwa hivyo Jumamosi zilibaki kilo 40, ambazo ni sahani 240, na watu ni 300. Hesabu ya darasa la nne. Watu 60 lazima wakose, na wakakosa. Tenti ya mwisho, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo ilikuwa ya wakwe, ilipata wali kidogo na supu.

Unajua ni stori gani ilizunguka? "Akina mama wa jikoni wameficha nyama."

Niliisikia kwa masikio yangu, kutoka kwa mtu aliyekula ile nyama Ijumaa usiku. Alikuja na basi. Alikuwa amesahau. Na kila mtu akaiamini kwa sababu hakukuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba kilo 10 zimetoka Ijumaa kulisha watu 60. Kama hakuna maandishi, mwenye mwiko ndiye mwizi. Ukisikia kwa matanga yoyote watu wanasema jikoni wameiba, kabla hujarudia hayo maneno uliza kwanza: Ijumaa usiku nani alikula, na ilitoka kwa bajeti gani? Mara nyingi jibu liko hapo.

Orodha inayopoteza watu

Sasa tuingie kwa ile orodha. Mnaijua. Inaanza na "1. Baba mkubwa – 15,000," halafu kila mtu anakopi, anaongeza jina lake, anabandika. Kufikia namba 40 ni ndefu kama gari moshi.

Hiyo orodha ina shida mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: watu wawili wakikopi kwa wakati mmoja, anayebandika wa mwisho anafuta jina la mwenzake bila kujua. Kwetu ilitokea. Binamu alituma 3,000 na jina lake likapotea siku tatu, akakasirika, akadhani mweka hazina amekula. Haikuwa wizi. Ilikuwa tu kukopi.

Ya pili ni kubwa zaidi. Orodha inajua kuhesabu kitu kimoja tu, pesa iliyotumwa kwa M-Pesa. Binamu yangu aliye Doha alituma 20,000. Namshukuru sana, na alistahili yale makofi jina lake liliposomwa Jumamosi. Simchukii. Na hata wale wa Nairobi, msidhani wanatoa vya ziada. Baba yangu alitoa kwa Fuliza. Wengine walikopa chama. Najua hiyo jasho.

Lakini senje kwa orodha alikuwa namba 37. "Senje – 500."

Ile usiku ya daftari nilimfanyia hesabu, mara moja tu, nione. Gunia mbili za mahindi, kwa bei ya soko letu wakati huo, 8,000. Siku 14 hakufungua biashara, kuanzia Jumatano ya kwanza hadi Jumanne ya kunyoa, na faida yake ya siku ni kama 400, kwa hivyo 5,600. Ongeza ile 500 yake. Tayari ni 14,100 na bado hatujahesabu mikono yake. Mtu ukimwajiri kupika kwetu unampa 500 kwa siku, mara siku 14 ni 7,000. Jumla 21,100.

Mwenye kutoa zaidi kwa matanga ya shosho hakuwa Doha. Alikuwa amekaa kwa moshi, macho mekundu, na hakuna aliyemsoma jina.

Jumanne

Kwetu siku ya kunyoa, siku kadhaa baada ya mazishi, wazee wanakaa na watoto wa marehemu. Watu wananyolewa, na mambo ya marehemu yanatajwa: anadaiwa na nani, anadai nani, nani atabaki na nini. Ni siku ya kufunga hesabu. Na hesabu yetu ilikuwa hivi: michango ilifika 312,000, matumizi 340,000. Deni 28,000, nyingi ikiwa ya mtu wa tenti na duka la pale sokoni.

Mzee mmoja akasema jambo ambalo kwa kusikia ni la haki kabisa. Shosho ana watoto saba. 28,000 gawanya kwa saba ni 4,000. Kila mtoto alete 4,000, tumalize, twende nyumbani.

Ndipo senje akasimama.

Hakupiga kelele. Alisema, "Mimi sina. Na hata ningekuwa nayo, singetoa. Nyumba yangu haina mahindi. Mmekula nyumbani kwangu kutoka siku mama alipofariki, na bado mnanidai." Halafu akasema ile kitu nilijua anaibeba tangu Jumamosi: "Na mniambie ni nyama gani nimeficha."

Kimya. Mjomba mmoja akaanza kusema ati kila mtu amechoka, si yeye peke yake. Mwingine akasema mambo ya jikoni si ya kuletwa kwa kikao cha wazee. Nikaona inaelekea kubaya, na mimi kwa kikao hicho sina sauti, ni mtoto. Lakini nilikuwa na simu. Nikaomba baba mkubwa ruhusa, nikasema, "Baba, mimi nimepiga video ya kila siku. Naweza kusoma tu kile niliandika?"

Akaniambia, "Soma."

Nikasoma ile hesabu ya sahani, siku baada ya siku. Nilipofika Ijumaa usiku, kilo 10 za mchele, watu wa basi, yule mjomba akaangalia chini. Sikusoma ile hesabu ya 21,100. Niliona haifai. Nilisoma tu gunia mbili na siku 14.

Baba mkubwa alikaa kidogo halafu akasema 4,000 ya senje ataibeba yeye. Mambo yakaishia hapo. Sitawadanganya ati kulikuwa na kulia na kukumbatiana. Hakuna aliyemwomba msamaha kwa ile stori ya nyama. Na Alhamisi alipoenda sokoni alikuta mtu mwingine amekaa kwa nafasi yake.

Hiyo nafasi haikuwa kwa bajeti ya mtu yeyote.

Kile ningebadilisha

Sitaki kuwa yule msee wa kulalamika bila kusema nini kifanywe. Nina mambo matatu, na yote tuliyajaribu miezi sita baadaye tulipompoteza mjomba. Hayakumaliza ugomvi wote, lakini hakuna aliyeitwa mwizi.

La kwanza, bajeti ya chakula iandikwe kwa siku, si kwa hafla. Chukua daftari, andika kila siku kuanzia usiku wa kwanza wa habari hadi siku ya kunyoa. Kando ya kila siku andika ni kina nani watakula, sahani ngapi, nani anapika, nani ananunua. Utakosea namba, ni sawa. Lakini utaona kwa macho kwamba Jumamosi ni theluthi moja tu ya chakula. Kama pesa haitoshi, hapo ndipo mnaamua mkiwa bado na akili: labda jioni za kwanza ni chai na mandazi badala ya ugali, labda mazishi yaletwe karibu, kwa sababu kila siku mnayoongeza mkingojea michango inaongeza sahani thelathini na siku nyingine ya mochari. Watu hungoja wiki mbili ndio wachange vizuri, halafu hizo wiki mbili zinakula kile walichochanga.

La pili, pesa kidogo itumwe nyumbani mapema, kwa mtu mmoja anayejulikana. Kwetu senje alikuwa anapiga simu Nairobi kuomba 300 ya sukari na anaambiwa kamati itakaa jioni. Kwa mjomba tulituma 15,000 siku ya pili kwa binamu aliyekuwa pale pale. Kila anachonunua anaandika laini moja kwa daftari na kuituma kwa picha usiku. Mwenye kushika pesa si mwenye kupika, na mweka hazina wa Nairobi si mnunuzi. Na kila kazi ina jina la mtu mmoja. Si "vijana," ni fulani. Maji ya Jumamosi: fulani, na mitungi 75 iwe imejaa kufikia Ijumaa jioni, hata kama ni kulipa bodaboda apande na kushuka. Chakula cha watu wa basi: fulani. Huyo fulani anaweza kuita watu wengine kumi, lakini yasipofanyika tunajua tutauliza nani.

La tatu, orodha iwe moja na iwe na kila mchango. Na iandikwe na mtu mmoja, mara moja kwa siku, saa tatu usiku. Wengine wote wasikopi. Mweka hazina anamtumia za M-Pesa, mtu wa nyumbani anamtumia za mkono. Ya mjomba ilikuwa inasomeka hivi:

Binamu wa Doha – 10,000
Jirani wa chini – sukuma, magunia 2
Mke wa binamu – siku 6 jikoni
Baba mdogo – 5,000
Vijana wa kona (majina manne) – kuchimba kaburi
Senje – siku 9 jikoni, mahindi debe 4

Mmegundua hakuna bei kwa kazi? Hiyo ni makusudi. Nilipopendekeza hii kitu, shangazi wa Nairobi alinikemea: "Sasa unataka tulipane kwa kupikia wafu wetu? Utu umeisha?" Na ana haki. Ukiweka bei kwa kazi ya jikoni, kesho mtu atasema amemaliza 5,000 yake na ataweka mwiko chini. Mimi sitaki senje alipwe. Yeye mwenyewe angekataa. Nataka aandikwe. Andika siku, andika magunia, andika mitungi. Ikisomwa Jumamosi, isomwe yote pamoja, kwa sauti moja na makofi yale yale. Na deni likibaki, kabla hamjagawanya kwa idadi ya watoto, angalieni kwanza nani tayari nyumba yake imekuwa tupu.

Kuna msee ataniambia ati hizi ni mila, jikoni kumekuwa hivyo tangu zamani. Sawa. Lakini zamani wote mlikuwa pale. Mlikuwa mnaona nani anabeba maji. Hakukuwa na haja ya kuandika kwa sababu kila mtu alikuwa shahidi. Leo nusu ya familia inahudhuria kwa simu hadi Ijumaa saa moja jioni, na kitu pekee inachoona ni orodha. Kama haiko kwa orodha, kwao haikutendeka.

Senje bado anauza omena. Alipata nafasi nyingine, upande wa jua. Juzi nilimuuliza kama bado ana uchungu. Akanipimia vitunguu, akaongeza kimoja juu, akasema, "Wewe uliandika. Inatosha."

Haitoshi, senje. Lakini ni mwanzo.

Sasa nyinyi: matanga ya mwisho kwenu, ni nani alipika usiku wa kwanza? Kama hujui jina lake, piga simu nyumbani uulize leo.